Dhahabu, zebaki, risasi na salfa kwenye spektra ya EDS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaochunguza punje za dhahabu na madini ya salfaidi kutoka Migori, Siaya na Kakamega kwa hadubini ya elektroni yenye kigunduzi cha eksrei, yaani EDS. Maswali haya yanarudi kila mara. Karibu yote yanahusu sehemu moja nyembamba ya spektra, kati ya 2.0 na 2.5 keV, kwa sababu hapo dhahabu, zebaki, salfa, risasi na molibdenamu hukaa bega kwa bega. Ukiielewa sehemu hiyo, makosa mengi ya ripoti za madini yetu utayaona kwa macho.

## Mambo ya msingi

1. Mashine inapima nini hasa inaponiambia "Au 88%"?

Haipimi asilimia. Inachopima ni idadi ya fotoni za eksrei zilizofika kwenye kigunduzi, zikiwa zimepangwa kwa nishati. Elektroni za mwale huingia kwenye sampuli na kuzing'oa elektroni za ndani za atomi, na nafasi hizo zinapojazwa, kila elementi hutoa eksrei zenye nishati zake. Hizo ndizo vilele tunavyoviona kwenye skrini.

Asilimia hupatikana kwa hesabu. Unapima kilele cha dhahabu kwenye sampuli, kisha kilele hichohicho kwenye dhahabu safi, kwa volteji ileile, mkondo uleule wa elektroni na muda uleule. Uwiano wa viwili hivyo ndio msingi wa kazi yote:

```
k = I_sampuli / I_rejea
```

Raymond Castaing alionyesha njia hii katika tasnifu yake jijini Paris mwaka 1951, na haijabadilika kimsingi. Baada ya kupata k, programu hufanya masahihisho ya mambo matatu: elektroni zinavyopungua kasi na kurudi nyuma kutegemea uzito wa atomi, eksrei zinavyofyonzwa zikitoka ndani ya sampuli, na eksrei za elementi moja zinavyoiamsha elementi nyingine. Kwenye skrini utaona yakiitwa `ZAF` au `PhiRhoZ`.

2. Jumla yangu ni 100.00% kila mara. Si ni dalili njema?

Hapana. Hiyo ni dalili kwamba programu imelazimisha jumla iwe 100. Ukipima bila rejea, programu hutumia makadirio yaliyohifadhiwa ndani yake, kisha hugawanya kila namba kwa jumla ili zitimie 100. Ukipima punje yenye shimo, iliyoinama, au uliyosahau kuwekea elementi moja kwenye orodha, bado utapata 100.

Ukitumia rejea na kuiacha jumla bila kulazimishwa, jumla yenyewe huwa shahidi. Ikiwa kati ya 98 na 102, endelea. Ikiwa 91, kuna kitu hukukiweka, au uso una kasoro, au mkondo wa elektroni umeshuka. Ikiwa 108, angalia mkondo, kisha angalia kama kilele kimoja kimehesabiwa mara mbili kwa majina mawili (swali la 6).

Kwa kipimo kisicho na rejea, kosa la robo nzima ya thamani linawezekana kabisa. Kwa rejea nzuri na uso uliong'arishwa, elementi kuu hupatikana kwa kosa la asilimia 2 hadi 5 ya thamani yake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama namba yako inafaa kuandikwa kwenye ripoti au ni ya kuangalia tu.

3. Nahitaji rejea gani kwa kazi hii?

Kwa dhahabu na fedha, metali safi zinatosha. Kwa chuma na salfa, pairiti, ambayo ni FeS₂ yenye chuma 46.55% na salfa 53.45%. Galena ni nzuri ya kuthibitisha hesabu, lakini usiitumie kumfundishia programu umbo la kilele cha risasi, kwa sababu ndani yake kuna salfa na vilele vyake vimepandiana na vya risasi tangu mwanzo. Tumia risasi safi iliyokwanguliwa karibuni, au PbTe. Kwa aseniki, GaAs.

Zebaki ndiyo inayowakwamisha wengi. Metali yake ni ya majimaji na hutoa mvuke, kwa hiyo haiingii kwenye chemba yenye ombwe. Sinaba, yaani HgS, haifai pia: huharibika chini ya mwale, na ina salfa. Tumia HgTe. Zebaki yake ni 61.1%, na vilele vya teluriamu viko juu ya 3.7 keV, mbali na eneo letu lenye msongamano.

## Kuandaa sampuli

4. Maabara wanapaka sampuli dhahabu ili isichaji. Kuna ubaya?

Kwa kazi hii, ubaya ni mkubwa. Ukipaka dhahabu, kila mahali utakapoelekeza mwale kutakuwa na dhahabu, hata kwenye kwatzi tupu. Na hata kama hutafuti dhahabu, vilele vyake vya 2.12 na 2.20 keV hukaa juu ya zebaki na kuegemea salfa. Sampuli iliyokwisha kupakwa dhahabu huokolewa kwa kuing'arisha upya, si kwa kuiondoa "Au" kwenye orodha ya programu. Ukiiondoa jina, fotoni zake bado zipo, na programu itazigawia majirani.

Omba kaboni, unene wa nanomita 20 hivi, na rejea zipakwe unene huohuo. Waambie kabla hujatuma sampuli kutoka Kisumu au Migori, na uandike kwenye kibandiko cha boksi, maana kupaka dhahabu ni mazoea ya maabara nyingi zinazopiga picha tu.

Ukitaka kujua kama kaboni imeshika, angalia mwisho wa spektra upande wa kulia. Ukiwa na kilovolti 20, mandharinyuma inapaswa kufika hadi 20 keV kabla ya kuzama. Ikiishia 17, sampuli inachaji, elektroni zinatua kwa nguvu pungufu, na hesabu yote inatumia volteji isiyo ya kweli.

5. Lazima niing'arishe punje? Mbona picha inatoka vizuri bila kung'arisha?

Picha haijali, hesabu inajali. Masahihisho ya swali la 1 yanachukulia kwamba uso ni bapa na kwamba pembe kuelekea kigunduzi inajulikana. Kwenye punje yenye vilima, eksrei dhaifu za 2 keV hupita njia ndefu au fupi ndani ya metali kutegemea upande ulipo, ilhali zile za 10 keV haziathiriki sana. Matokeo yake, uwiano wa salfa kwa dhahabu hubadilika kwa kugeuza sampuli tu.

Dhahabu ya kuchomwa ni mfano mzuri wa tatizo hili. Mchimbaji akichoma amalgamu, zebaki hutoka kama mvuke na kuacha kitonge chenye matundu kama sponji. Kitonge hicho kimwagie epoksi ndani ya ombwe ili matundu yajae, kisha kata na ung'arishe kwa almasi ya mikromita 1, halafu 0.25. Dhahabu ni laini, kwa hiyo chembe za karatasi ya silikoni kabaidi hujikita ndani yake. Ukiona kilele kidogo cha 1.74 keV kwenye dhahabu, rudi kwenye hadubini ya kawaida uangalie vidoa vyeusi kabla ya kuandika kwamba dhahabu ina silika.

## Vilele vinapopandiana

6. Kwa nini programu inachanganya salfa na risasi?

Kwa sababu kigunduzi hakina macho makali kiasi hicho. Kilele cha salfa, S Kα, kiko 2.307 keV. Cha risasi, Pb Mα, kiko 2.345. Tofauti ni elektronivolti 38. Kigunduzi kinachotangazwa kuwa na uwezo wa 129 eV hupimwa kwa kilele cha manganisi, 5.9 keV; kwenye 2.3 keV upana wa kilele hushuka hadi karibu 88 eV. Kwa hiyo vilele viwili vyenye upana wa 88 vimeachana kwa 38. Jicho linaona kilima kimoja. Molibdenamu nayo, Mo Lα, iko 2.293, upande wa pili wa salfa.

Hapa ndipo programu hukosea majina. Ikikuta kilima kwenye 2.32 huchagua jina kwa alama ndogondogo, na mara nyingine huweka majina mawili mahali ambapo kuna elementi moja.

Dawa ni kuangalia mahali pengine kwenye spektra. Risasi ina familia ya pili ya vilele: Pb Lα kwenye 10.55 na Pb Lβ kwenye 12.61 keV. Salfa haina kitu huko. Pima kwa kilovolti 20 au zaidi, maana chini ya 13 vilele hivyo vya risasi havitokei kabisa. Kilima cha 2.3 kikiwapo na 12.6 pakiwa tambarare, risasi haipo kwa kiasi cha kuonekana. Molibdenamu huthibitishwa kwa Mo Kα kwenye 17.48, lakini hicho kinahitaji kilovolti 25 hadi 30, kwa sababu kizingiti chake ni 20.0 keV.

7. Na dhahabu na zebaki? Nitajuaje kama kitonge kimebakiwa na zebaki?

Kwenye eneo la 2 keV, usijaribu ikiwa zebaki ni kidogo. Au Mα iko 2.123 na Hg Mα iko 2.195. Tofauti ya 72 eV ingetosha kwa taabu, lakini dhahabu ina kilele cha pili, Au Mβ, kwenye 2.204, ambacho kimelala juu ya zebaki kabisa. Kitonge chenye zebaki 2% kinaonekana sawa na dhahabu tupu. Ukiongeza dhahabu nyingi kwenye hesabu, kosa dogo la umbo la kilele chake linatosha kuunda zebaki isiyokuwapo, au kuifuta iliyopo.

Nenda 10 keV. Au Lα iko 9.713, Hg Lα iko 9.989. Tofauti ni 276 eV, na ingawa upana wa kilele huko umefika karibu 162 eV, viwili hivi hutengana. Utaona kibonde kati yao kwa macho. Gharama yake ni volteji: kizingiti cha Hg L ni 12.28 keV, kwa hiyo kilovolti 15 hukupa kilele kinyonge sana. Tumia 25. Usiegemee Hg Lβ ya 11.82 kwa uthibitisho, kwa sababu majirani zake ni Au Lβ na As Kβ.

8. Kilele cha 10.54: ni aseniki au risasi?

As Kα iko 10.544, Pb Lα iko 10.551. Elektronivolti saba tu. Hakuna kigunduzi cha aina hii kinachozitenganisha, na hakuna programu inayoweza kuzitenganisha kwa kilele hicho peke yake. Kwa hiyo hukumu inatoka kwa ndugu zao: aseniki ina As Lα kwenye 1.28 na As Kβ kwenye 11.73, risasi ina Pb Lβ kwenye 12.61. Asenopairiti ni ya kawaida kwenye miamba yenye dhahabu, na galena pia, kwa hiyo swali hili si la nadharia. Angalizo moja: 1.28 iko karibu na magnesiamu, 1.254, basi kwenye punje iliyozungukwa na madini ya magnesiamu tegemea 11.73 zaidi.

9. Programu inasema imetenganisha vilele kwa hesabu. Niiamini?

Iamini baada ya kuijaribu. Inachofanya ni kuchukua umbo la kila kilele kutoka kwenye rejea, kuyajumlisha maumbo hayo kwa viwango mbalimbali, na kutafuta mchanganyiko unaofanana zaidi na spektra yako. Inafanya kazi vizuri kwa masharti mawili: orodha ya elementi iwe kamili, na mizani ya nishati iwe sahihi. Mizani ikihama kwa 10 eV, hiyo ni zaidi ya robo ya umbali wote kati ya salfa na risasi, na hesabu itahamisha fotoni kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila kulalamika. Kabla ya kazi, pima shaba safi: Cu Lα iwe 0.930 na Cu Kα iwe 8.046 hivi.

Kuna vipimo viwili vya uaminifu. Cha kwanza ni mabaki: ondoa spektra iliyokisiwa kutoka kwenye iliyopimwa na uangalie kinachosalia. Kikiwa ni kelele sawasawa juu na chini ya sifuri, vizuri. Kikiwa na umbo la wimbi, yaani kilima kikifuatwa na shimo, mizani imehama au elementi moja imekosekana. Cha pili ni kupima galena inayojulikana kana kwamba huijui. Jibu liwe risasi 86.6% na salfa 13.4%. Ikikupa salfa 16, basi umejua ukubwa wa kosa lako siku hiyo, na hakuna haja ya kubishana.

Programu ya bure ya `DTSA-II` kutoka NIST huonyesha mabaki waziwazi, na inasoma spektra za mashine mbalimbali (swali la 15).

## Mfano mmoja hadi mwisho

10. Nionyeshe hesabu ya kitonge cha dhahabu kilichochomwa.

Tuchukue kitonge kilichojazwa epoksi, kikang'arishwa na kupakwa kaboni. Kilovolti ni 25, na mkondo umepimwa kabla na baada. Namba hizi ni za mfano, lakini ukubwa wake ni wa kweli kwa kazi ya namna hii.

Dhahabu safi inatoa mapigo 50,000 kwenye Au Lα baada ya kuondoa mandharinyuma. Kitonge kinatoa 43,000. Basi k ya dhahabu ni 0.86.

Kwa zebaki, HgTe inatoa 28,000. Kwenye kitonge, dirisha la Hg Lα lina mapigo 4,900 kwa jumla, ambapo mandharinyuma ni 4,000. Yanabaki 900. Ukigawanya kwa 28,000 unapata 0.0321, na kwa kuwa rejea ni zebaki 61.1% tu, makisio ya kwanza ni 0.0321 × 61.1, yaani 1.96%.

Sasa shaka yake. Mapigo huja kwa bahati nasibu, na kosa lake ni kipeuo cha pili cha idadi. Kwa kuwa tulitoa mandharinyuma, makosa ya vyote viwili hujumlishwa:

```
sigma = sqrt(4900 + 4000) = 94
kikomo = 3 * sqrt(2 * 4000) = 268
```

Zebaki ni 900 jumlisha au toa 94, ambayo ni 2.0% jumlisha au toa 0.2. Kikomo cha 268 kinalingana na takriban 0.6%. Maana yake, kwa muda huu wa kupima, kitonge chenye zebaki 0.4% kingeripotiwa kuwa "haikuonekana", na neno hilo si sawa na "haipo". Ukitaka kukishusha kikomo hadi nusu, pima mara nne ya muda.

Fedha inapimwa kwa Ag Lα, 2.98 keV. Hapa masahihisho ni makubwa, kwa sababu dhahabu hufyonza sana eksrei za nishati hiyo. Namba ya mwisho hupanda juu ya k. Baada ya masahihisho, tuseme tunapata dhahabu 86.4, fedha 9.6, zebaki 2.0. Jumla ni 98.0.

Asilimia mbili zilizokosekana zina mahali pake pa kutafutwa: tundu dogo chini ya uso, au shaba ambayo hukuiweka kwenye orodha. Angalia 8.05 keV. Programu inayolazimisha jumla ingekuandikia 88.2, 9.8 na 2.0, na usingejua kamwe kwamba kulikuwa na swali.

11. Mashine inaandika 86.437%. Niandike tarakimu ngapi?

Kwa mfano ulio juu, 86% kwa dhahabu na 2.0% kwa zebaki, pamoja na shaka yake. Ile safu ya `sigma` inayotolewa na programu ni ya mapigo peke yake. Haijui kama uso umeinama wala kama rejea yako imeoksidika.

## Vilele vya uongo na punje ngumu

12. Pairiti yangu ina zinki na titani. Inawezekana?

Inawezekana, lakini kwanza ondoa uongo unaojulikana. Fotoni mbili zikifika kwenye kigunduzi kwa wakati mmoja huhesabiwa kama moja yenye nishati ya zote mbili. Kwenye pairiti, chuma na salfa hujumlishwa: 6.404 na 2.307 ni 8.711 keV, na zinki iko 8.639. Salfa mbili ni 4.614, na titani iko 4.511. Tena, chuma huacha kivuli chake chini kwa 1.74 keV, pale fotoni ya silikoni ya kigunduzi inapotoroka: 6.404 kutoa 1.74 ni 4.664. Vitu viwili vya uongo vinakutana karibu na titani.

Jaribio ni rahisi. Punguza mkondo wa elektroni hadi robo na upime muda mrefu mara nne. Zinki ya kweli itabaki na uwiano uleule kwa chuma. Ya uongo itashuka hadi robo hivi, kwa sababu migongano ya fotoni hupungua haraka kuliko fotoni zenyewe. Kivuli cha 4.664 hakitashuka, kwa hiyo kitambue kwa nishati yake. Muda mfu wa kigunduzi ukiwa chini ya asilimia 20, shida hii hupungua sana.

Madini ya mgodi wa Macalder huko Migori, ambako shaba na zinki viliambatana na dhahabu, yanaleta kisa cha kinyume: zinki ya kweli inayozaa dhahabu ya uongo. Zn Kβ iko 9.572, Au Lα iko 9.713, tofauti 141 eV, chini ya upana wa kilele. Kwenye sfaleriti, kilele cha 9.6 usikiite dhahabu mpaka uone pia 2.12 na 11.44.

13. Punje ya dhahabu ni ya mikromita 1 ndani ya pairiti. Chuma na salfa ninazoziona ni zake?

Karibu hakika si zake. Kwa kilovolti 20, elektroni huenea takriban mikromita 0.9 ndani ya dhahabu, 2.4 ndani ya pairiti na 4 ndani ya kwatzi. Mwale unaigusa punje, kisha unatokeza upande wa pili. Kushusha hadi kilovolti 10 hupunguza eneo hilo hadi chini ya theluthi moja, lakini unapoteza vilele vya L vya dhahabu na zebaki, na unarudishwa kwenye msongamano wa swali la 7. Hakuna njia ya kupata vyote viwili. Chagua punje kubwa kwa ajili ya zebaki, na uzitumie ndogo kwa kutambua dhahabu tu.

Hata punje ya mikromita 10 huweza kuonyesha chuma kidogo kisicho chake, kwa sababu eksrei za dhahabu za 9.7 keV husafiri mbali kuliko elektroni na kuiamsha pairiti iliyo jirani. Pima katikati, kisha karibu na ukingo. Chuma kikipanda ukikaribia ukingo, ni cha jirani.

14. Mwamba wangu una gramu 5 za dhahabu kwa tani. Nitaziona ndani ya asenopairiti?

La. Gramu 5 kwa tani ni 0.0005%. Kikomo cha EDS kwa hali nzuri, bila vilele kupandiana, ni karibu 0.1%, ambayo ni gramu 1,000 kwa tani. Dhahabu iliyotawanyika ndani ya fuwele ya asenopairiti haitaonekana kwa njia hii hata ukipima usiku kucha. EDS inakuambia dhahabu iliyo kama punje imekaa wapi, na imeambatana na nini. Gramu kwa tani ulizia kwa maabara ya kuyeyusha na kupima.

15. Zebaki inapungua ninavyozidi kupima, na siwezi kurudi maabara kila wiki. Nifanye nini?

Mwale unapasha joto doa dogo, na zebaki ni nyepesi kutoroka. Epoksi inayokaushwa ndani ya oveni huanza kuiondoa hata kabla hujafika kwenye hadubini, kwa hiyo tumia inayokauka kwa joto la kawaida na uipe siku nzima. Sampuli yenye tone la zebaki linaloonekana kwa macho isiingie kwenye chemba kamwe.

Wakati wa kupima, gawanya muda: badala ya sekunde 200 kwenye doa moja, pima vipande vitano vya sekunde 40 na uviandike kando. Hg Lα ikishuka kutoka kipande cha kwanza hadi cha tano kupita kosa la mapigo, tanua mwale au utembeze juu ya eneo pana, kisha anza upya mahali papya.

Kuhusu safari, usiondoke na picha ya spektra na jedwali la asilimia. Omba spektra zenyewe kwa muundo wa `.msa`, pamoja na za rejea zote na ya shaba uliyopimia mizani, na uandike volteji, mkondo wa kabla na wa baada, muda hai na pembe ya kigunduzi. Faili hizo ni maandishi ya kawaida, ndogo kiasi cha kutumwa kwa barua pepe. Ukiwa Kisumu miezi sita baadaye na mtu akakuuliza kama ile ya 10.54 ilikuwa risasi, utafungua faili na kuangalia 12.61.